Kidonge cha Saa Tisa Usiku

Risiti ya daraja bado ninayo. Imeanza kufifia, maana ile karatasi laini ya mashine haidumu, lakini muda unasomeka: 06:48. Inaonyesha kwamba asubuhi ile ya Jumatatu nilisimamisha gari kwenye kibanda cha kulipia Daraja la Kigamboni, nikashusha kioo, nikatoa hela, nikapokea risiti, nikaondoka. Mimi sikumbuki hata kimoja kati ya hivyo. Na kiti cha nyuma alikuwa amekaa binti yangu wa miaka tisa, kajifunga mkanda, begi la shule kalipakata.

Naandika haya kwa sababu wengi ninaofanya nao kazi usiku wanameza vidonge vya usingizi, na wanavimeza vilevile nilivyokuwa namezea mimi: kwanza wanahangaika na usingizi mpaka usiku unakaribia kuisha, halafu ndiyo wananyanyuka kutafuta kidonge.

Kazi yangu iko kwenye yadi ya makontena, Kurasini. Nakagua namba na sili za makontena yanayoingia na kutoka, naandika, naruhusu lori liende. Shifti ya usiku inaanza saa 1 jioni inaisha saa 1 asubuhi. Tunaingia usiku nne mfululizo, kisha tuna ofu ya siku mbili. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Watu wakisikia nafanya kazi usiku hunionea huruma kwa usingizi wa mchana, lakini mchana mimi nalala. Nikitundika blanketi dirishani na kuwasha feni ili kelele za nje zisinifikie, nalala masaa matano mpaka sita. Mateso yangu yalikuwa usiku wa ofu. Mwili ulishazoea kwamba saa 8 usiku ni saa ya kula, na saa 9 ndiyo malori yamejaa getini. Kwa hiyo nalala kitandani saa 4 kama watu wengine, nyumba imetulia, mtoto anakoroma taratibu chumba cha pili, mimi macho yamenitoka kama mchana.

Nilikwenda zahanati nikamwambia daktari, "Usiku silali." Sikumwambia kwamba nafanya kazi usiku. Sikuficha kwa makusudi, nilidhani nimeshaeleza tatizo. Naye hakuuliza. Aliniandikia vidonge kumi vya zolpidemu, miligramu 10 kila kimoja, akaniambia nimeze nikiwa tayari kitandani. Kwenye duka la dawa wakanitilia katika bahasha ndogo nyeupe, wakaandika kwa kalamu ya bluu: 1 × 1 usiku.

Neno hilo "usiku" nimelifikiria sana baadaye. Kwa mtu anayelala saa 4 na kuamka saa 12, maelezo hayo yanatosha, hawezi kukosea. Kwangu mimi usiku ni kazi, na usiku ni refu. Saa 3 ni usiku, saa 9 ni usiku. Nikimeza saa yoyote kati ya hizo nimefuata bahasha.

Mara nne za mwanzo nilimeza saa 4, nikalala, nikaamka saa 12 na nusu nikiwa mzito kidogo, nikashukuru Mungu. Siku hizo sikuwa na safari asubuhi. Ule uzito niliupuuza, nikasema ndio uchovu wa shifti. Leo najua ulikuwa unaniambia kitu.

Jumapili ile ilikuwa ofu ya pili. Kwa kawaida ningerudi kazini Jumatatu jioni, lakini tulitangaziwa mafunzo ya kuzima moto Jumatatu saa 2 asubuhi, wote tuwepo. Shule ya mtoto iko upande huohuo wa Kurasini, na siku nisizokuwa shifti ya usiku mimi ndiye ninayempeleka. Nikaona safari moja itamaliza mambo mawili. Usiku nikaamua kidonge nisimeze, niamke mwepesi. Nilizima taa saa 4.

Saa 6 niko macho. Saa 7 na nusu niko macho. Saa 8 njaa ikanishika, njaa ya kweli kabisa, ile ya wakati wa kwenda kantini. Nikaenda jikoni nikala wali na maharage yaliyobaki, sahani nzima. Nikarudi kitandani, nikaanza lile hesabu ambalo kila asiyelala analijua: nikilala sasa hivi nitapata masaa matatu na nusu, nikilala sasa hivi nitapata matatu, matatu kasoro. Kila nikihesabu hofu inaongezeka, na hofu inafukuza hata kale kausingizi kalikokuwa kanakuja. Saa 9 na dakika 10 niliwasha simu kutazama saa, nikavuta droo, nikatoa kidonge kimoja kizima, nikakimeza kwa maji. Kengele ilikuwa imetegeshwa saa 11 na nusu alfajiri. Niliwaza hivi, na nakumbuka wazi nilivyowaza: bora masaa mawili ya usingizi mzuri kuliko kukesha kabisa.

Kitu cha mwisho ninachokikumbuka kwa uhakika ni mlio wa kengele na mkono wangu ukiutafuta ukutani, wakati simu iko chini ya mto.

Yaliyofuata nimeyapata kwa watu wengine. Mdogo wangu, ambaye tunaishi naye, anasema niliamka nikasimamisha chai. Niliweka maji, nikaweka sukari, dakika mbili baadaye nikaweka sukari tena, majani sikuweka. Tuliongea habari ya kodi ya nyumba na nilimjibu vizuri, hata kiasi kilichobaki nilikitaja sawasawa. Ndiyo maana hakushtuka. Jambo moja tu aliliona, na hakulipa uzito: nilipokuwa natoka jikoni nilipiga bega kwenye fremu ya mlango, na niliporudi nikapiga tena palepale. Alinitengenezea kahawa kali ya tangawizi, nikanywa kikombe chote.

Kwenye simu yangu kuna ujumbe niliomtumia msimamizi wangu saa 06:05: "Nipo getini bosi nasubiri lori la mwisho." Yeye akajibu: "Lori gani tena?" Wakati huo nilikuwa nyumbani Kigamboni nikimvalisha mtoto soksi. Sehemu fulani ya akili yangu iliamini niko kazini namalizia shifti, na wakati huohuo mikono inafunga viatu vya shule. Kila nikiusoma ujumbe ule mwili unanisisimka.

Binti yangu ana mchezo wa kuhesabu taa tukivuka daraja. Yeye anahesabu, mimi napaswa kutaja namba inayofuata akinyamaza. Anasema siku ile alinyamaza mimi sikutaja. Akanyamaza tena. Akafikiri nimemkasirikia kwa sababu ya kuchelewa kuvaa, kwa hiyo akakaa kimya. Mtoto alikaa kimya ili asiniudhi, na mimi naendesha juu ya maji, malori ya mizigo pembeni yetu, akili haipo.

Kumbukumbu inarudi kwenye ndoo. Ndoo ya bluu, inabiringika mbele ya gari huku ikimwaga maji, halafu sauti ya mtoto ikiita "Mama! Mama!" kama inatoka mbali. Tulikuwa tumeshashuka upande wa Kurasini. Gari lilihama taratibu kuelekea kushoto, tairi la mbele likapanda ukingo, likagonga ndoo ya mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara. Nilikanyaga breki, au mguu ulikanyaga wenyewe, sijui. Baina ya bampa na jiko lake la mkaa hapakuwa na nafasi ya mtu mzima kulala. Alikuwa bado ameshika kijiti cha kugeuzia, hajainuka, hakuwahi kuinuka. Mwendo ulikuwa mdogo, labda kilomita 40 kwa saa. Lakini kwa mwendo huo gari linakula mita 11 kila sekunde. Mtoto angechelewa sekunde moja kuita, habari ingekuwa nyingine.

Bodaboda wakajaa. "Kalewa huyo mama, na mtoto ndani!" Sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu sasa. Aliyenisaidia ni mzee mmoja dereva wa semi-trela, alikuwa amekwama kwenye foleni akashuka. Hakunusa mdomo wangu. Alifungua mlango, akazima gari, akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwake, ndipo akanitazama machoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo siku gani?" Nikasema Jumatatu. "Unakwenda wapi?" Nikamjibu natoka shifti narudi nyumbani. Na gari linatazama upande wa kazini, na mtoto kavaa sare. Akatikisa kichwa. "Umemeza dawa gani?"

Alijua. Aliniambia baadaye kwamba njia ndefu zimemfundisha: mlevi ukimuuliza anabisha, mwenye usingizi mtupu anapiga miayo na kuomba alale, lakini mwenye dawa anajibu kama mtu mzima, ila majibu yake ni ya mahali pengine. Mdogo wangu alikuja kwa bodaboda, akampeleka mtoto shule kwa miguu. Mimi nililazwa kiti cha nyuma, madirisha wazi, gari limesukumwa kivulini. Niliamka saa 5 asubuhi na midomo imekauka, nikiwa mimi.

Siku tatu baadaye nilikwenda hospitali nyingine nikiwa na ile bahasha. Mfamasia, mama wa makamo, hakunigombeza. Aligeuza bahasha upande wa nyuma, akachora mstari, akaniambia nimtajie saa moja moja: saa niliyokula, saa niliyomeza, saa ya kengele, saa ya daraja. Nampa risiti, anaandika.

Zolpidemu, alinieleza, haipandi kwenye damu mara tu ukimeza na kushuka mara tu ukiamka. Kwa mtu mwenye tumbo tupu hufika kileleni kama saa moja na nusu baada ya kumeza. Mimi nilikuwa nimekula sahani ya wali saa moja kabla. Chakula kinaichelewesha, kilele kikasogea mpaka zaidi ya masaa mawili. Alipiga hesabu: saa 9 na dakika 10, ongeza masaa mawili na kidogo, inakuja saa 11 na dakika 20 hivi. Akaweka nukta juu ya mstari. Halafu akaweka nukta ya pili karibu yake kabisa, zikakaribia kugusana: saa 11 na nusu, kengele yangu. Niliamka wakati dawa iko kileleni. Siyo kwamba ilikuwa imebaki kidogo mwilini, nilinyanyuka ikiwa ndiyo kwanza imejaa.

Kutoka hapo, akasema, kwa mtu wa kawaida inachukua takribani masaa mawili na nusu dawa ipungue nusu. Nilipita darajani saa 12 na dakika 48, kama saa moja na nusu tu baada ya kilele. Kwa hiyo nilikuwa na kiasi cha theluthi mbili ya ile dawa ya kileleni, nimeshika usukani.

Nikamuuliza, mbona sikujisikia usingizi? Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua kuliko yote, kwa sababu nilijiamini. Alisema dawa hii inaweza kukuacha unasimama, unazungumza, unajiona uko sawa, huku wepesi wa kuamua na kurekebisha usukani umepungua sana. Na hukata kamba ya kumbukumbu: mambo yanatendeka lakini hayaandikwi, hasa kwa mtu aliyeamka kabla ya kulala masaa 7 mpaka 8 kamili. Kile kinachotakiwa kukuonya kwamba hauko sawa ni akili yako, na ndiyo hiyohiyo iliyolewa dawa. Kahawa inaweza kufungua macho, haiitoi dawa kwenye damu.

Kisha akaniuliza kwa nini mwanamke amepewa miligramu 10. Nilishangaa, sikujua kuna tofauti. Akaniambia wanawake huwa tunaitoa dawa hii mwilini polepole kuliko wanaume. Januari 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya kuanzia kwa wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 mpaka 5, kwa sababu walipopima damu masaa 8 baada ya kumeza miligramu 10, wanawake kama 15 kati ya 100 walikuwa bado na kiwango kinachoweza kuharibu uendeshaji. Kwa wanaume ilikuwa kama 3 kati ya 100. Hao ni waliosubiri masaa 8. Mimi nilisubiri matatu na nusu.

"Kuna nchi," akaendelea, "wametengeneza kidonge maalumu cha dawa hiihii kwa mtu anayeshtuka katikati ya usiku. Cha mwanamke ni miligramu moja na robo tatu tu. Na hata hicho wanasema usimeze kama hujabakiwa na masaa manne ya kulala." Akagonga kalamu kwenye bahasha. Mimi nilimeza karibu mara sita ya hiyo, nimebakiwa na masaa mawili na dakika ishirini.

Akafuta lile neno "usiku". Siyo kwa hasira, alipiga mstari mmoja tu, akaandika juu yake: "Hesabu kutoka usukani." Maana yake alinifafanulia hivi: usianze na saa unayotaka kulala, anza na saa utakayoshika gari, jiko au mashine, rudi nyuma masaa 8 kamili, na kama wewe ni mtu wa kuamka mzito, ongeza. Saa hiyo ikishapita, kidonge cha siku hiyo hakipo. Kwangu mimi, kwa safari ya saa 12 na nusu, mlango ulikuwa umefungwa tangu saa 4 na nusu usiku. Nilipovuta droo saa 9 ulikuwa umefungwa masaa manne na dakika arobaini.

Niliporudi yadini nikawasimulia wenzangu wote, na nikashangaa kukuta jinsi kila mmoja ana kidonge chake. Walinzi wengi wanatumia piritoni, mbili kwa mpigo, kwa sababu ni dawa ya mafua, bei ndogo, duka lolote wanauza. Wanaiona ni salama kuliko "dawa za usingizi zenyewe". Nilimpigia yule mfamasia kumuuliza. Akasema hapo wanajidanganya: ile zolpidemu hupungua nusu kwa masaa mawili na nusu, ila piritoni kwa mtu mzima inaweza kuchukua kama masaa 20. Anayemeza piritoni mbili alfajiri anaibeba mchana kutwa, na akimeza tena kesho yake inapanda juu ya ile ya jana. Valiamu ndiyo hukaa zaidi, siku kadhaa. Jirani yangu mmoja wa kazini, opareta wa foklifti, aliposikia hivyo alinyamaza muda mrefu. Sikumuuliza anameza nini.

Kwa daktari nilirudi pia, safari hii nikaanza na shifti zangu kabla ya kitu kingine chochote. Alizisikiliza akaniambia sina ugonjwa wa kukosa usingizi. Saa ya mwili wangu imegeuka, na kidonge hakiigeuzi, kinaizimia taa tu. Akaviondoa vile vilivyobaki. Alinipa utaratibu mwingine ambao wiki mbili za mwanzo niliuchukia: nikitoka shifti ya nne nalala saa 3 asubuhi, lakini saa 6 mchana kengele inanitoa kitandani hata kama nalia. Natoka nje juani, naosha vyombo uani, natembea mpaka sokoni, silali tena mpaka saa 4 usiku. Usingizi ninaounyima mwili mchana ndio unaonilaza usiku. Na ule wali wa saa 8 usiku nimeuacha siku za ofu, maana kila nikila saa ile nilikuwa nauambia mwili kwamba bado tuko kazini.

Si kila mara inafanikiwa. Zipo ofu ambazo saa 9 usiku bado nakodoa macho. Hapo ndipo nilipobadilika kweli. Zamani niliamini kwamba saa 9 bado nina nafasi ya kuiokoa asubuhi. Sasa najua asubuhi ile, kwa upande wa kuendesha, imeshaharibika, nimeze au nisimeze. Mtu aliyekesha naye ni hatari barabarani, sitaki mtu asome haya akadhani kuacha kidonge kunampa ruhusa ya kushika gari. Tofauti ni kwamba nikikesha bila dawa najijua: macho yanawasha, shingo inaanguka, napiga miayo, ninaogopa. Nikiwa na dawa sijui chochote, na hata aliyekaa nami jikoni hajui. Kwa hiyo saa 9 ikinikuta macho, siendi kwenye droo. Nachukua simu namtumia ujumbe kijana wa bajaji wa mtaani kwetu aje saa 12, halafu naweka ufunguo wa gari chini ya godoro la mdogo wangu. Yeye hanipi mpaka mchana, hata nikimbembeleza. Tulikubaliana hivyo tangu aliponieleza habari ya bega na fremu ya mlango. Bado anajilaumu kwamba aliona akanyamaza.

Kwa yule mama wa vitumbua nilikwenda wiki ileile, na ndoo mpya. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanipotea yote. Alinionyesha ukingo wa barabara, palikuwa bado na alama nyeusi ya tairi, na sehemu jiko lilipokuwa. Amelisogeza nyuma hatua tatu. Akaniuliza mtoto hajambo? Nikasema hajambo. Akafunga vitumbua sita kwenye gazeti, hela akakataa.

Asubuhi tunapovuka daraja binti yangu anahesabu taa kama zamani, ila sheria ameibadilisha mwenyewe bila kuniuliza. Hanyamazi tena kimyakimya. Akifika kumi anasema, "Mama, endelea," na nisipojibu papo hapo anafungua mkanda kuninyanyukia. Kwa hiyo najibu. Kumi na moja. Kumi na mbili.